Ule Mstari Mweupe

Bahasha ilikuwa pana kuliko kifua chake. Ouma aliipakata kutoka mjini hadi Manyatta, ndani ya matatu iliyojaa, akiogopa kuikunja. Picha za mgongo wake alipewa Ijumaa. Ripoti, aliambiwa, ni Jumatatu. Yule aliyempiga MRI alimsaidia kushuka kitandani, akamwambia pole, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Hakuongeza neno, na kimya kile ndicho kilichomnyima Ouma usingizi.

Alikuwa na miaka 26. Tangu amalize shule alibeba magunia ya mahindi sokoni Kibuye, mengine ya kilo 90. Mwezi wa tatu maumivu yakaanza kumshuka kutoka kiunoni, nyuma ya paja, ubavuni mwa mguu, hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akikohoa, yalimpiga kama shoti ya umeme.

Usiku ule aliinua filamu mbele ya balbu. Mgongo wake umekatwa vipande vipande kama mkate. Akaona mstari mweupe mrefu, na karibu nao kidude cheusi. Akaamua mwenyewe: cheupe ni uvimbe, cheusi kimeoza. Akaanza kuwaza nani atamlipia Akinyi karo.

Asubuhi mama yake hakumwuliza kitu. Alisema tu, "Mpelekee Mama Apiyo."

Mama Apiyo alikuwa amepiga watu eksirei miaka mingi kabla ya kustaafu. Walimkuta uani akichambua omena. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akajifuta, lakini bahasha hakuigusa kwanza.

"Mkojo unatoka vizuri, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Choo je, unakizuia? Huku unapokalia, kati ya mapaja, hakuna ganzi?"

"Nakizuia. Na ganzi hakuna."

"Tembea kwa visigino nikuone."

Ouma akatembea hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Mguu wa kushoto ulilegea kidogo, ila ulimbeba.

"Kukitokea ganzi huko, au mkojo ukigoma, usingoje Jumatatu wala mtu yeyote. Nenda hospitali usiku huo huo. Sasa lete." Akaibandika filamu kwenye kioo cha dirisha, jua la asubuhi likapenya. "Majibu ni ya daktari, sitamsemea. Lakini huu ni mwili wako. Ramani yake uijue."

Akachukua kijiti cha ufagio, akakielekeza bila kugusa.

"Hapa wameandika T2. Kwenye T2, maji ni meupe. Huu mstari uliokunyima usingizi ni maji. Kila mtu anayo. Neva zako zinaogelea humo."

Ouma alisogea hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Ndani ya weupe ule akaziona: nyuzi nyembamba, nyeusi, zimeteremka pamoja kama mkia wa farasi.

"Anza chini," Mama Apiyo akasema. "Huu mfupa uliopinda ni sakramu. Panda. Diski, huo mto kati ya mifupa. Pingili, hiyo ni L5. Diski nyingine. L4. Endelea mwenyewe."

Akahesabu hadi L1, akikosea mara moja na kurudia. Diski za juu zilikuwa na kiini kinachong'aa, kama yai lililokatwa katikati. Ya pili kutoka chini ilikuwa nyeusi, imebonyea, na ukingo wake wa nyuma umetokeza hadi ukausukuma mstari mweupe.

"Hii imeoza?"

"Imekauka. Diski ikipoteza maji, kwenye T2 inakuwa nyeusi. Huo ukingo unaouona, daktari ndiye atasema umegusa neva gani. Nimeona wengi wa namna hii wakipona bila kisu, na kile kilichotokeza hunywea chenyewe taratibu. Magunia lakini, baba, yaache kwanza."

Ouma hakujibu. Alikuwa anaufuata ule mstari kwa macho, kutoka juu kwenda chini. Pale kwenye diski nyeusi ulibanwa, ukawa mwembamba, kisha ukapanuka tena na kuendelea. Haukukatika. Akaufuata mara ya pili, polepole, na safari hii akagundua kwamba meno yake hayakuwa yameumana.

Jumapili jioni mama yake alimkuta dirishani, filamu imebandikwa kwa vibanio vya nguo, jua likizama upande wa ziwa. Mguu bado ulimvuta. Alikuwa ameegemea ukuta kwa bega.

"Ripoti imeshatoka?"

"Bado, Mama. Kesho." Akasogea kumpisha, akaokota njiti ya kiberiti. "Njoo usimame hapa. Tunaanza chini."