Barua kwa Mume Wangu

Baba Zawadi, mume wangu mpenzi,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu mara tatu nimejaribu kukueleza jambo hili kwa mdomo, na mara zote nimeishia kukuuliza kama umefunga mlango.

Tangu tuliporejea kukutana kimwili baada ya mimi kujifungua, tendo la ndoa limekuwa likiniumiza. Maumivu huanza pale mwanzoni kabisa, upande wa chini nilikochanika na kushonwa, kama kidonda kinachofunguka upya, na tukishamaliza huwaka moto kiasi cha kuogopa hata kwenda haja ndogo. Siku hizi mwili wangu hujikaza wenyewe kabla hujanigusa, kwa kuwa unajua kinachokuja, na kujikaza huko huzidisha maumivu.

Zile nguo nilizokuwa nikizikunja hadi usiku wa manane hazikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nasubiri usinzie. Nadhani ulitambua, maana sasa unalala umeelekea ukutani. Sijakuchoka, Baba Zawadi, wala moyo wangu haujahama. Nilikosea kuvumilia kimya kwa miezi hii yote nikidhani ndivyo uzazi ulivyo.

Nilipompeleka mtoto kwenye chanjo ya miezi 9, nilimuuliza muuguzi faraghani. Alinieleza kwamba mama anayenyonyesha hupungukiwa na homoni inayoupa uke unyevu, kwamba kovu la mshono linaweza kukakamaa, na kwamba maambukizi nayo huweza kuleta maumivu ya namna hii. Ila kujua ni lipi kati ya hayo linalonisumbua kunahitaji vipimo. Matibabu yapo, kuanzia vilainishi hadi mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga, kutegemea kitakachoonekana.

Ninakuomba twende pamoja. Ningeweza kwenda peke yangu, lakini nikirudi nitakuwa mkalimani wa daktari, na huenda nikayaruka yale ninayoyaonea haya. Zaidi ya hayo, yakionekana maambukizi ya zinaa, mume na mke hutibiwa kwa wakati mmoja, la sivyo huambukizana tena. Hili silisemi kwa kukushuku. Ndivyo tiba yake ilivyo. Chumba cha uchunguzi si lazima uingie usipopenda, bali kwenye mazungumzo natamani uwe kando yangu na uulize maswali yako mwenyewe.

Hadi hapo naomba tusiingiliane. Kunikumbatia usiache, kwa kuwa hilo haliumizi, na nimelikosa.

Miadi ni Alhamisi, saa 3 asubuhi. Nijulishe kabla ya Jumatano ili nimwombe mdogo wangu abaki na Zawadi. Ikiwa ni vigumu kunijibu kwa mdomo, niandikie nyuma ya karatasi hii.

Mkeo akupendaye,
Mama Zawadi