Tafakuri ya kujitolea: meza ya kadi, kliniki ya mama na mtoto

Kliniki niliyojitolea ilikuwa ikifanya kazi kabla sijafika, na inaendelea na kazi sasa nikiwa nimeondoka. Natanguliza hilo kwa sababu fomu ya maombi ya kusomea kumbukumbu za afya inauliza nilileta mabadiliko gani, na jibu la kweli ni fupi: nilipanga kadi, nilijaza rejista, nilijumlisha takwimu za mwisho wa mwezi. Siku za vipimo nilishika utepe. Waliotibu watoto ni wauguzi, na waliowabeba hadi pale na kukaa kwenye foleni ni wazazi wao.

Utepe wenyewe ukiutazama utadhani ni kazi ya yeyote. Una rangi tatu, na hupima mzingo wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Lakini kwanza uipate katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto, nao uwe umening'inia bila kukazwa; kisha utepe uguse ngozi pande zote bila kuibana. Na mtoto, bila shaka, hataki kabisa. Sista aliyenifundisha alisimamisha foleni yake ili anionyeshe, halafu akavirudia vipimo vyangu vya mwanzo kimoja kimoja. Muda huo ulikuwa wa wagonjwa wake. Ukipiga hesabu ya nani alimsaidia nani, mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa na deni.

Hata nilipoaminiwa, kazi yangu iliishia kwenye rangi. Ikitokea nyekundu, Sista ndiye aliyebonyeza miguu yote miwili kutafuta uvimbe, akaangalia kama mtoto ana hamu ya kula, akaamua nani atibiwe akiwa nyumbani na nani alazwe. Mimi niliandika namba.

Kusoma kadi nilidhani nakujua. Mama mmoja aliniona nimekodolea macho mchoro wa ukuaji wa mwanawe, mahali mstari ulipolala kwa miezi kadhaa. "Hapo usihangaike napo, mwanangu," akasema. "Hapo alikuwa anaharisha, na sote tulijua. Wewe tazama kuanzia hapa." Akaweka kidole mstari ulipoanza kupanda. Maelezo hayo hayakuwa yameandikwa popote. Nilimuuliza kama nimfikishie Sista. Akajibu atamwambia mwenyewe, na akamwambia. Mengine aliyonisimulia tukisubiri zamu yake yanamhusu yeye na nyumba yake.

Sina picha za kuambatanisha. Mtu anayengoja huduma si rahisi amkatalie aliyekaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo hata "ndiyo" yake nisingejua niipime vipi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya sanduku la kadi. Lilikuwa na vigawanyo vya miezi: mtoto akimaliza kuhudumiwa, nakala ya kadi yake inawekwa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Mwezi ukiisha, kadi zilizobaki humo ni za watoto ambao hawakuja, na orodha yao anapewa mhudumu wa afya ya jamii aende akawaulizie. Hakuna kompyuta, hakuna umeme, na aliyekosa chanjo anaonekana. Utaratibu huo niliukuta. Aliuanzisha karani aliyekuwapo kabla yangu, na hata maandishi kwenye vigawanyo yalikuwa ya mkono wake.

Huyo karani alihama, na nafasi yake haikujazwa. Kiti nilichokalia ni cha mtu wa mshahara, na hilo lilinikera zaidi kadiri nilivyoizoea kazi: mtu wa kujitolea akijitahidi, wanaopanga ajira huona pengo limeshazibwa. Muuguzi mkuu alilijua hilo kabla yangu. Aliniagiza kila taarifa ya mwezi niandike, chini ya jedwali, kwamba rejista imejazwa na mtu wa kujitolea kwa kukosekana kwa karani. Nadhani katika yote niliyoyaandika pale, sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa.

Naomba nafasi ya kusomea kumbukumbu za afya kwa sababu mambo ya meza ile yalinishinda kuyatatua kwa bidii tu: mtoto aliyehamia kliniki nyingine anahesabiwaje asionekane mtoro, majina mawili yanayofanana yanatenganishwaje, takwimu zikifika ngazi ya juu zinarudije kwa muuguzi aliyezikusanya. Nilipokabidhi, rejista ilikuwa imefikishwa hadi siku hiyo, na nafasi ya karani ilikuwa bado wazi. Ikitangazwa nikiwa nimehitimu, nitaiomba kama waombaji wengine.