Neema (la 4) na Baraka (la 2): tunahama, naomba barua za uhamisho na rekodi zao

Shikamoo Mwalimu Mkuu, habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni mama Neema wa darasa la nne na Baraka wa darasa la pili. Nilipita ofisini Ijumaa nikaambiwa umeenda kwenye kikao cha kata, ndo nikaona bora nikuandikie kabisa ili jambo lisichelewe, na Jumatano saa mbili asubuhi nitakuja mwenyewe na barua ya mkono yenye sahihi yangu na ya baba yao.

Mwalimu, tunahama Morogoro tunaenda Mbeya. Baba Neema ni fundi wa magari makubwa, tangu mwezi wa sita kazi yake imehamia Uyole na tumekuwa tukilipa kodi huku na huku, tumejitahidi tungoje watoto wafunge shule mwezi wa kumi na mbili lakini imeshindikana, kodi ya hapa inaisha tarehe 31 Agosti na hatuna uwezo wa kuongeza. Tunasafiri Jumamosi tarehe 30 kwa hiyo siku yao ya mwisho darasani itakuwa Alhamisi tarehe 28. Najua kuhama katikati ya muhula kunawasumbua walimu na watoto pia, naomba mtuwie radhi.

Nimeshaongea na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na tutakapokaa. Nafasi zipo zote mbili, ila amesema bila uhamisho kwenye mfumo wa PREM hawezi kuwaandikisha, barua peke yake haitoshi. Kwa hiyo naomba kwa kila mtoto barua ya uhamisho yenye muhuri, namba yake ya PREM, ripoti za mitihani kuanzia alipoingia darasa la kwanza hadi ya mwezi wa sita, na mahudhurio ya mwaka huu. Vyeti vya kuzaliwa ninavyo mimi, kama mna kopi kwenye faili zao zibaki tu. Na kwa kuwa ni mkoa hadi mkoa, kama kuna fomu ya kupeleka kwa afisa elimu naomba niipeleke mwenyewe, nitakaa hapo halmashauri mpaka isainiwe.

Sasa kinachoninyima usingizi ni Neema. Ana upimaji wa darasa la nne mwezi wa kumi, na sijui kama jina lake limeshaenda Baraza la Mitihani kupitia shule yetu na kama linaweza kuhama kwa sasa. Naomba mwalimu uniangalizie hili kabla ya yote. Kama ukiona kumhamisha kutamfanya akose upimaji basi niambie wazi, nitamwacha kwa dada yangu Kihonda amalizie hapohapo shuleni, Baraka ndo atangulie na sisi, Neema nitamfuata mwenyewe akishamaliza. Itaniuma kumwacha lakini nitavumilia, mtoto ameamka saa kumi na moja kila siku mwaka mzima kuwahi masomo ya asubuhi, siwezi kukubali ifike siku ya mtihani jina lake lisionekane kokote.

Kwa Baraka naomba mwalimu wake wa darasa aandike maneno mawili matatu. Yule mama ndo alinigundulia kwamba mtoto haoni ubaoni, akamtoa nyuma akamweka dawati la kwanza upande wa dirisha, na toka hapo ameanza kuunganisha silabi, juzi amenisomea maandishi ya kwenye mfuko wa sembe yote bila kusaidiwa. Kliniki ya macho tulienda, miwani tunaifuatilia, ila huko aendako hawamjui na wakimrudisha nyuma atapotea tena. Likiandikwa na mwalimu watalizingatia kuliko nikilisema mimi.

Vitabu vya shule nitavirudisha Jumatano. Neema ana cha Sayansi na cha Kiswahili, hicho cha Kiswahili jalada lilichanika nimelibandika kwa solteipu, kama hakifai nitalipia. Mchango wa chakula wa mwezi huu nimeshalipa wa wote wawili, Baraka anadaiwa elfu mbili ya karatasi za mtihani nitakuja nayo.

Mwalimu, hata ukinijibu kwa ufupi kuhusu jina la Neema nitashukuru sana, simu yangu iko hewani muda wote na ukibipu nitapiga.

Asante sana, nisalimie walimu wote.

Mama Neema
Jumatatu, 18 Agosti 2025