TANGAZO KWA WAGONJWA WETU: SMS za kukumbusha miadi, na jinsi ya kuzisitisha

Tabata, Dar es Salaam, 2 Machi 2026

Ndugu wagonjwa, wazazi na walezi,

Kuanzia Jumatatu tarehe 16 Machi 2026, kila mwenye miadi hapa kliniki atapata SMS ya kumkumbusha. SMS hizi hutumwa na kompyuta yenyewe, kwa kufuata tarehe iliyoandikwa kwenye faili lako. Usipozitaka unaweza kuzisitisha siku yoyote, bila kutoa sababu. Kusitisha SMS hakufuti miadi.

Ya kwanza itakufikia siku tatu kabla ya miadi, saa 4 asubuhi. Ya pili ni siku moja kabla, saa 11 jioni. Ukipangiwa miadi ya kesho au keshokutwa utapata hiyo ya pili tu. Usipofika, tutakutumia moja ya mwisho baada ya siku mbili, kukuuliza kama unahitaji tarehe nyingine. Basi. Hatutumi usiku. Ukipata ujumbe wa saa 6 usiku, mtandao ulichelewa au simu yako ilikuwa imezimwa.

SMS yenyewe itatoka kwa mtumaji anayeonekana kwa jina KLINIKI, na itasomeka hivi:

```
Habari. Mwenye kadi 20418 ana miadi kesho Alhamisi 19/03, saa 3:00 asubuhi, Tabata. Kubadili tarehe piga mapokezi. Kusitisha SMS soma kadi yako.
```

Jina lako halimo, wala ugonjwa, dawa au chumba unachokwenda. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Simu nyingi za majumbani hushikwa na watu wengi, na si kila anayeishika anapaswa kujua kwamba fulani anahudhuria kliniki ya kisukari au ya wajawazito. Kinachokutambulisha ni namba ya kadi peke yake. Mama mwenye watoto wawili wanaohudhuria hapa atapata SMS mbili zenye namba mbili tofauti, kwa hiyo atazame kadi kabla hajamvalisha viatu mtoto asiyehusika.

Angalizo kuhusu saa. Tunaandika saa kwa Kiswahili: "saa 3:00 asubuhi" ni ile ambayo simu yako huionyesha kama 09:00. Baadhi ya simu janja hupigia mstari "3:00" na kukuuliza kama ziweke kikumbusho. Ukikubali bila kuangalia, zinaweza kukuamsha saa 9 usiku. Weka alamu mwenyewe.

Kusitisha

Usijibu SMS ya KLINIKI moja kwa moja. Ujumbe unaotoka kwa jina badala ya namba hauwezi kujibiwa: simu itakataa kutuma, au itatuma na jibu halitatufikia. Fungua ujumbe mpya, uupeleke kwenye namba iliyochapwa nyuma ya kadi yako ya miadi, chini kabisa, ndani ya kisanduku. Hatuiandiki kwenye tangazo hili kwa sababu matangazo hupigwa picha, hubadilishwa namba na kusambazwa WhatsApp. Kadi unaipokea mkononi dirishani. Kama yako ni ya zamani na haina kisanduku, ilete mapokezi ubadilishiwe bure.

Andika neno ACHA, acha nafasi moja, kisha namba ya kadi:

```
ACHA 20418
```

Hapo utakuwa umesitisha za kadi hiyo moja tu. Ukitaka simu yako isipokee kikumbusho chochote chetu, hata cha watoto, andika:

```
ACHA YOTE
```

Herufi kubwa au ndogo, zote zinakubalika. Kisichokubalika ni maneno ya adabu mbele, kama "Samahani naomba muache". Mashine husoma neno la kwanza tu, na ikikuta "Samahani" haitafanya kitu. Kosa lingine la kawaida ni kuandika herufi O badala ya sifuri, au kuunganisha ACHA20418 bila nafasi. Tuma kwa laini ileile inayopokea SMS zetu. Wenye laini mbili huteleza hapa: simu hutuma kwa laini iliyochaguliwa kwanza, na kompyuta haiitambui.

Kupokea SMS zetu ni bure. Kutuma ACHA kunakatwa kama SMS ya kawaida, kwenye kifurushi au salio lako. Huna salio? Mwambie mhudumu wa mapokezi, naye atakuondoa hapohapo.

Ikifanikiwa utajibiwa ndani ya dakika chache:

```
Kadi 20418 imeondolewa kwenye SMS za kukumbusha. Miadi yako iko palepale. Kurudi: ANZA 20418
```

Usipopata jibu mpaka kesho yake, haijafanikiwa. Rudia au piga mapokezi. Pia SMS za miadi ya kesho huandaliwa saa 9 alasiri. Ukituma ACHA baada ya hapo, ya jioni hiyo inaweza bado kukufikia. Itakuwa ya mwisho.

Tunakuomba usiizuie KLINIKI kwenye simu yako. Taarifa kwamba majibu ya vipimo yako tayari hutoka kwa jina hilohilo, na ukilizuia hutaziona. ACHA husimamisha vikumbusho pekee, haigusi taarifa za majibu wala simu ya nesi.

Anayetaka kuahirisha au kufuta miadi apige mapokezi, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kunyamaza hakufuti kitu: nafasi yako inakaa tupu huku mwingine ameambiwa arudi wiki ijayo. Na kwa kuwa Idd husubiri mwezi kuandama, mwenye miadi siku zile atapata SMS ya kubadilishiwa tarehe pindi sikukuu ikitangazwa. Ifuate hiyo ya mwisho, hata kama kadi inasema vingine.

Namba iliyobadilika, na matapeli

Ukibadilisha namba tuambie. Laini iliyoachwa muda mrefu mtandao huigawa kwa mtu mwingine, na vikumbusho vyako vitamfuata yeye. Wewe unayepata SMS zetu na hujawahi kutibiwa hapa, tuletee ujumbe dirishani, au mpigie simu yeyote mwenye kadi yetu akusomee namba ya kisanduku, kisha utume ACHA YOTE. Namba ya kadi huihitaji.

KLINIKI haitakuomba hela, namba ya siri, namba ya NIDA wala kukutaka ubonyeze kiungo. Malipo yote ni dirishani, kwa risiti. Ukipata ujumbe wa "tuma ya dawa kwenye namba hii", usitume. Andika neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya bure ya kuripoti matapeli, ufuate maelekezo, kisha utuarifu nasi.

Namba yako tunaitumia kwa kazi ya matibabu tu, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kampuni inayotusafirishia SMS huona namba ya simu na maneno ya ujumbe, haioni faili. Mwenye malalamiko aanze kwangu, chumba namba 4. Asiporidhika, anayo haki ya kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Meneja wa Kliniki