TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE

Ndugu wapangaji,

Choo cha uani kimeziba tena. Fundi alipozibua bomba alitoa pedi, nepi na matambara yaliyoviringana na nywele. Vitu hivi havilainiki majini kama karatasi ya chooni. Hunasa kwenye kona ya bomba, na maji machafu hurudi hadi mlangoni kwa wenzetu wa vyumba vya chini, wenye watoto wanaotambaa.

Tafadhali, pedi na nepi zifungwe kwenye mfuko na kutupwa kwenye pipa lenye kifuniko nililoweka kando ya choo. Mabaki ya chakula na mafuta yasimwagwe kwenye karo wala mtaroni. Mafuta yakipoa huganda ndani ya bomba. Ukiona maji yanashuka polepole, nipigie simu mapema, hata usiku.

Mwenye nyumba