Hotuba ya Kiranja wa Afya Kuhusu Kunawa Mikono

Mwalimu Mkuu, naibu wa Mwalimu Mkuu, walimu wetu na wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Nimesimama mbele yenu nikiwa kiranja wa afya, na jambo linalonisumbua huonekana dogo: mikono yetu. Jana saa ya chakula nilikaa kando ya mabomba. Wengi walipitisha vidole majini, wakavikung'uta, wakajifuta kwenye sare na kukimbilia foleni. Sabuni ilibaki kavu.

Wenzangu, maji matupu hayatoshi. Viini hung'ang'ania mafuta ya ngozi. Sabuni ndiyo huyaachisha mafuta hayo, viini vikasombwa na maji. Sugueni kwa sekunde 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, hasa chini ya kucha.

Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi mjini Viyena wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Vifo vya homa ya uzazi vilipungua sana. Hata hivyo, wenzake wengi walimpinga, na kila nikikumbuka hilo huniuma.

Atakayesema foleni ya mabomba ni ndefu, namwelewa. Ndiyo maana namwomba Mwalimu Mkuu, kwa heshima, kengele ya chakula ipigwe dakika 5 mapema. Nasi tupeane zamu, darasa kwa darasa, kuhakikisha sabuni ipo. Darasa langu linaanza leo mchana, tukutane mabombani.

Asanteni kwa kunisikiliza.