Nusu Sampuli kwa Sekunde

Wasikilizaji waliisikia kama kwikwi: neno la msoma habari linakatika silabi moja, kisha matangazo yanaendelea. Huku mlimani penye transmita, kompyuta iliandika mstari mmoja tu, `FIFO OVERFLOW`, yaani bafa inayohifadhi sauti kwa muda imefurika, bodi ikamwaga nusu ya bafa hiyo na kuendelea na kazi. Bodi hiyohiyo ikirudishwa karakana, inakesha mezani siku nzima bila kosa.

Rehema alishabadilisha kebo, pawasaplai, hata antena ya kiungo cha studio.

"Dada, ongeza bafa tupumzike," alisema Bakari, msimamizi wa zamu.

Bafa ikakuzwa maradufu. Hitilafu iliyokuwa ikija kila baada ya saa moja hivi, sasa ikaja baada ya karibu saa mbili. Hapo Rehema akashtuka. Kelele za hewani hazijali bafa ina ukubwa gani. Kinachochelewa maradufu bafa ikikuzwa maradufu ni kitu kinachojaza taratibu, kwa mwendo usiobadilika. Akaacha kuvizia kosa lenyewe, akaanza kusoma kimo cha bafa:

```
14:00 level=4096
14:10 level=4442
14:20 level=4787
14:30 level=5133
```

Karibu sampuli 346 kila dakika kumi! Akagawa kwa sekunde 600, akapata 0.576 kwa sekunde. Akagawa tena kwa 48,000, idadi ya sampuli za sauti zinazopita kila sekunde: sehemu 12 kwa milioni. Kristali inayoendesha saa ya studio ilikuwa na mbio kuliko ya mlimani kwa kiasi hicho tu, na zote mbili zilikuwa ndani ya kiwango cha mtengenezaji. Hakukuwa na kifaa kibovu hata kimoja.

"Itajaa saa tisa na dakika hamsini na nane," alisema.

Bakari akavuta kiti. Kimo kikapita 8,000, kikapita 8,100, na saa 15:58 mstari ukatokea. Redioni, mtangazaji akapoteza nusu ya neno "Muheza".

"Sasa mbona karakana haijatokea hata mara moja?"

"Kule bodi zote mbili tunazilisha kutoka jenereta moja ya 10 MHz, kaka. Saa ni moja, zitaachanaje?"

Kuikuza bafa tena kungeahirisha tu, na sauti ingezidi kuchelewa. Rehema akaandika programu fupi: kimo kikizidi 4,096, saa ya upande wa kusoma iongezewe mwendo kidogo; kikipungua, ipunguzwe. Jaribio la kwanza lilisahihisha kwa pupa, kimo kikapanda na kushuka kama bembea. Akapunguza nguvu ya sahihisho hadi likawa linafanya kazi kwa dakika badala ya sekunde. Kufikia saa nne usiku kimo kilikuwa kikicheza kati ya 4,088 na 4,105.

"Na meza ya karakana?" Bakari akauliza.

"Kebo ya jenereta naing'oa kesho asubuhi. Kila bodi itapimwa kwa kristali yake."